Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: utumwa kwenye himaya ya Mwingereza ulivunjwaje, na watumwa wenyewe walifanya nini?

Haya ni maswali ambayo watu huwa wananiuliza kila mada hii ikitajwa, nimeyajibu kwa urefu maana majibu mafupi ndo yanayoleta ubishi. Mengi yanahusu visiwa vya Karibiani, huko ndo Mwingereza alikokuwa na mashamba ya miwa na watumwa wengi zaidi. Pwani yetu nimeigusa mwishoni, inapohusika kweli.

Kwanza, biashara ya watumwa na utumwa si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapopotea. Biashara ni kununua watu Afrika, kuwapakia melini na kwenda kuwauza ng'ambo. Utumwa ni hali ya yule aliyekwisha fika shambani, yeye na watoto wake na wajukuu. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara mwaka 1807, lakini aliyekuwa mtumwa Jamaika siku hiyo aliamka kesho yake bado mtumwa. Sheria ya kuvunja utumwa wenyewe ilikuja 1833, na uhuru wenye maana ukaja 1838. Kwa hiyo mtu akikwambia "Mwingereza alikomesha utumwa 1807" ujue ameruka miaka 31 ya watu kuchapwa viboko.

Kampeni yenyewe iligawanya hayo mawili kwa makusudi. Mwaka 1787 walikaa wakapima, wakaona wakigusa utumwa wenyewe wataambiwa wanapora mali za watu, afadhali waanze na meli. Hesabu yao ilikuwa kwamba wenye mashamba wakikosa watu wapya wa kununua, watalazimika kuwatunza walionao, na utumwa utalainika wenyewe polepole. Haukulainika.

Hiyo kampeni ilianzia wapi hasa?

Ukiuliza kamati, jibu ni London, Mei 22, 1787, kwenye duka la kupiga chapa la mtaa wa George Yard. Watu 12 walikutana, 9 kati yao Wakwekeri, madhehebu yale yale ambayo watu wa Kaimosi kule magharibi mwa Kenya wanayaita Kanisa la Marafiki.

Lakini mimi huwa naanzia nyuma kidogo, kwa mtu anaitwa James Somerset. Huyu aliletwa Uingereza kama mtumwa, 1771 akatoroka, akakamatwa, akafungwa minyororo ndani ya meli iliyokuwa inakwenda Jamaika ili akauzwe. Kabla meli haijang'oa nanga marafiki zake wakakimbilia mahakamani wakapata amri ya kumtoa. Kesi ikaunguruma miezi kadhaa, na Juni 1772 jaji mkuu Lord Mansfield akaamua kwamba hakuna sheria ya Uingereza inayomruhusu bwana kumkamata mtu na kumsafirisha nje ya nchi kwa nguvu. Ilikuwa hukumu nyembamba tu, lakini watu weusi wa London waliokuwa wamejaa mahakamani walishangilia, na wengi waliichukulia kwamba ukikanyaga ardhi ya Uingereza uko huru. Angalia mpangilio: kesi haikuanza na mwanasheria mwenye huruma, ilianza na mtu aliyetoroka.

Halafu kuna meli ya Zong, 1781. Mabaharia wake walitupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai bima kama mzigo uliopotea, pauni 30 kwa kila kichwa. Kesi ilipofika mahakamani ilikuwa ya bima, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Aliyeipeleka habari hiyo kwa mwanaharakati Granville Sharp ni Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa na akajinunua mwenyewe. Baadaye, 1789, Equiano alitoa kitabu cha maisha yake, akazunguka nacho miji ya Uingereza na Ailandi akikiuza mwenyewe na kuongea na watu.

Thomas Clarkson alifanya kitu gani mpaka anatajwa sana?

Yeye alikuwa miguu ya kampeni. Mbunge William Wilberforce alikuwa anasema bungeni, Clarkson alikuwa juu ya farasi akitafuta ushahidi. Alikwenda Bristol na Liverpool, miji iliyokuwa inakula kwa biashara hii, akaingia kwenye mabaa ya mabaharia akiuliza maswali, na pale Liverpool kundi la watu lilijaribu kumsukumia baharini gatini.

Kuna kitu kimoja alichonunua dukani Liverpool ambacho mimi sikisahau. Ni chuma kama mkasi chenye skrubu, wenye duka wakamweleza kinatumika kumpanua taya mtu aliyekataa kula. Fikiria maana yake. Chuma kile kilikuwa kinauzwa waziwazi kama vile msumari au kufuli, kwa sababu watu kugomea chakula melini lilikuwa jambo la kawaida kiasi cha kutengenezewa kifaa. Yaani ushahidi mzito wa upinzani wa mateka ulikuwa umetundikwa dukani.

Kingine alichofanya ni kupekua orodha za mabaharia, maana wenye meli walikuwa wanasema biashara hii ni shule ya jeshi la majini. Akahesabu jina kwa jina, akaonyesha kwamba mabaharia Waingereza wanakufa kwenye meli za watumwa kuliko kwenye biashara nyingine. Hoja hiyo haikuwa ya kumwonea huruma Mwafrika hata kidogo, ila ilifanya kazi.

Na ule mchoro wa meli ya Brookes, wa 1788 na 1789, watu wamelazwa kama samaki kwenye kopo, ndo ulibandikwa ukutani kwenye nyumba na mabaa nchi nzima. Toleo la London limechora watu 482. Ukiutazama unaona hauna nafasi ya kuongeza hata mtoto, kumbe kabla ya sheria ya kupunguza msongamano meli hiyo hiyo iliwahi kubeba watu 609.

Watu wa kawaida waliingiaje? Si walikuwa hawana hata kura?

Wengi hawakuwa na kura kweli, wanawake ndo kabisa. Walichokuwa nacho ni saini na chai. Mwaka 1792 peke yake bunge lilipokea maombi 519 yenye saini kama 390,000, na wakati huohuo watu walisusia sukari ya Karibiani. Clarkson alikadiria waliosusia ni kama 300,000. Maduka yakaanza kutangaza kwamba sukari yao inatoka India, haina jasho la watumwa. Nani anaamua sukari gani inunuliwe nyumbani? Mama wa nyumba. Hivyo siasa ikaingia jikoni bila kupiga hodi.

Kama watu walikuwa wengi hivyo, mbona ilichukua miaka 15 mpaka 1807?

Bunge la chini mwaka 1792 lilikubali biashara ikome, ila likaongeza neno moja, "polepole". Ukishaweka polepole kwenye sheria umeiua. Bunge la juu nalo likaipiga chenga, na 1793 vita na Ufaransa vikaanza, kila mwenye kudai mabadiliko akaonekana msaliti.

Katikati ya hayo kuna Haiti, na hapa inabidi tukae kidogo. Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue, ndo jina la Haiti wakati huo, koloni la Mfaransa lililokuwa linaongoza duniani kwa sukari, waliamka wakachoma mashamba. Mwanzoni iliwaumiza wanakampeni wa London, wapinzani wakasema mmeona, haya ndo matunda ya maneno yenu. Lakini 1793 Mwingereza mwenyewe akapeleka jeshi kule akitaka kulinyakua koloni na kuurudisha utumwa, akakaa miaka mitano, akazika maelfu ya askari kwa homa ya manjano na kwa risasi za watu wa Toussaint Louverture, kiongozi wa waliokuwa watumwa, akaondoka 1798 mikono mitupu. Napoleon akajaribu naye akashindwa, na Januari 1, 1804 Haiti ikajitangaza huru.

Baada ya hapo hoja ikageuka. Kuendelea kushusha maelfu ya watu wapya Jamaika, vijana wengine wametoka vitani kwao na wanajua kupigana, kulianza kuonekana ni kujirundikia baruti sebuleni.

Mwanasheria James Stephen ndo akaja na ujanja wa 1806. Sheria iliyokataza meli za Uingereza kupeleka watumwa kwenye makoloni ya maadui na ya wageni ilipitishwa kama sheria ya vita tu, wapinzani wakachelewa kushtuka kwamba sehemu kubwa ya biashara imeshakatwa. Mwaka uliofuata kura ikawa 283 kwa 16, mfalme akaidhinisha Machi 25, 1807.

Kule mashambani walijuaje kinachoendelea London?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Wenye mashamba walikuwa wanapiga soga mezani, wanalaani bunge kwa sauti kubwa, na anayewahudumia supu amesimama nyuma ya kiti anasikia kila kitu. Waliojua kusoma walisoma magazeti. Mabaharia walileta habari bandarini. Habari ikifika shambani inakuwa imeongezewa chumvi, ila msingi wake ni wa kweli.

Barbados, 1816. Bunge lilikuwa linajadili sheria ya kuandikisha kila mtumwa kwenye daftari ili kuzuia magendo. Mashambani ikasikika kwamba uhuru unakuja na mabwana wanaukalia. Mwanamke mmoja, Nanny Grigg, anatajwa kwenye ushahidi kwamba alikuwa anasoma magazeti na kuwaambia wenzake uhuru hautaletwa, ni wa kupigania kama walivyofanya Saint-Domingue. Wakati wa Pasaka wakaamka, wakiongozwa na Bussa, wakazimwa kwa damu nyingi.

Demerara, ambayo sasa ni Guyana, 1823. London ilikuwa imetoa maelekezo: mjeledi usitumike shambani na wanawake wasichapwe. Gavana akayakalia. Watumishi wa ndani wakasikia nusu nusu, na Agosti 18 watu kama 10,000 au zaidi wakaweka zana chini, wakawafungia mabwana ndani wakitaka waambiwe kilichoandikwa kwenye barua. Waliua wazungu wawili watatu tu. Wao waliuawa mamia. Quamina, fundi seremala na shemasi ambaye aliwasihi wenzake wasimwage damu, alipigwa risasi na mwili wake ukatundikwa kwa minyororo kando ya shamba la Success. Mchungaji wake, John Smith, akahukumiwa kunyongwa na akafia gerezani kabla hukumu haijatekelezwa.

Kilichoitikisa Uingereza ni Smith zaidi kuliko Quamina, niseme ukweli hata kama unauma. Mzungu mmoja mgonjwa wa kifua alipata machozi mengi kuliko mamia ya Waafrika. Mwaka uleule wa kifo chake, 1824, mwanamke wa Leicester aitwaye Elizabeth Heyrick akachapisha kijitabu akidai uhuru wa mara moja, akawabeza hadharani wazee wa kampeni na polepole yao. Vyama vya wanawake vikamfuata, na 1830 wanaume nao wakaliondoa neno polepole kwenye jina la chama chao.

Jamaika 1831 ilikuwa maasi au mgomo?

Ilipangwa mgomo, ikaishia vita. Samuel Sharpe alikuwa mtumwa wa mjini Montego Bay na shemasi wa Wabaptisti, anajua kusoma, na kanisa lilimpa kitu ambacho watumwa wengi hawakuwa nacho, yaani sababu ya kutembea shamba hadi shamba bila kuulizwa. Baada ya ibada walikuwa wanabaki wachache, anawaelezea alichosoma, halafu wanaapa kwa Biblia.

Mpango ulikuwa rahisi ila una akili sana. Baada ya sikukuu ya Krismasi ndo msimu wa kukata miwa unaanza. Muwa uliokomaa hausubiri, ukichelewa kukatwa na kukamuliwa sukari inapotea, na shamba zima linategemea majuma hayo. Kwa hiyo sikukuu ikiisha watu wasirudi kazini, waseme tutakata miwa tukilipwa mshahara. Bwana hana cha kufanya, muwa unaozea shambani mbele ya macho yake. Kulikuwa na wengine walioandaa silaha mgomo ukijibiwa kwa risasi.

Usiku wa Desemba 27 nyumba ya shamba la Kensington, juu kilimani, ikawaka moto. Ikaonekana mbali, vilima vingine vikajibu kwa mioto yao, na hapo mgomo wa kimya ukawa umekwisha. Inakadiriwa walioshiriki walikuwa mpaka 60,000, kwenye kisiwa chenye watumwa zaidi ya 300,000. Wazungu waliouawa ni 14. Watumwa kama 200 waliuawa kwenye mapigano, na zaidi ya 300 wakanyongwa baadaye kwa kesi za dakika chache, wengine kwa makosa kama kuiba nguruwe.

Sharpe alinyongwa Mei 23, 1832, sokoni Montego Bay. Serikali ya kisiwa ikamlipa mwenye mtumwa fidia kwa hasara ya kunyongewa mali yake, pauni 16 na shilingi 10.

Kwani maasi yalishindwa, yalisaidia nini?

Kijeshi yalishindwa, ndiyo. Lakini fuata kilichotokea baada yake. Wazungu wa Jamaika kwa hasira wakachoma na kubomoa makanisa ya Wabaptisti na Wamethodisti, wakawafukuza wamisionari, na mmoja wao, William Knibb, akapanda meli akafika Uingereza katikati ya 1832. Wakubwa wa misheni walikuwa wanamwambia anyamaze, akakataa, akazunguka nchi nzima akisimulia. Waumini wa makanisa hayo Uingereza walikuwa wengi, na sasa waliochomewa makanisa ni ndugu zao wa imani.

Mwaka huohuo sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, vile viti vya bunge vilivyokuwa vinanunuliwa na matajiri wa sukari vikafutwa vingi, na wagombea wakabanwa kwenye mikutano watamke wako upande gani. Kamati za bunge zikaanza kuuliza swali jipya. Zamani waliuliza je, tukiwapa uhuru si watatuua? Sasa wakauliza je, tusipowapa? Sharpe alikuwa ameshawajibu.

Mwaka 1833 maombi zaidi ya 5,000 yakaingia bungeni, yenye saini zaidi ya milioni moja. Moja lilitoka kwa wanawake, saini 187,157, karatasi zimeshonwa zikawa mzigo wa kubebwa na wanaume wanne. Sheria ikakamilika Agosti 28, 1833.

Ni kweli waliolipwa fidia ni mabwana?

Kweli tupu. Pauni milioni 20, kama asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, zililipwa kwa wenye watumwa. Watumwa kama 800,000 hawakupata hata senti. Sehemu ya fedha ilikopwa, na mabaki ya deni hilo yaliyochanganywa kwenye hati nyingine za serikali yalimalizwa kulipwa 2015, maana yake hata Mjamaika aliyekuwa anafanya kazi London na kulipa kodi alichangia.

Na bado. Agosti 1, 1834 uhuru ulipotangazwa, karibu makoloni yote waliokuwa huru kweli ni watoto chini ya miaka 6. Wengine wakaitwa wanagenzi, wafanye kazi bila mshahara mpaka saa 45 kwa wiki kwa bwana yuleyule, wale wa mashambani kwa miaka 6. Eti wanajifunza uhuru, na kazi ya miwa wameifanya tangu wazaliwe! Watu wakagoma, wakafungwa, wakawekwa kwenye kinu cha kukanyaga kwa miguu. Kelele zikarudi London upya na mpango ukafutwa Agosti 1, 1838, miaka miwili kabla ya muda.

Shuleni tulifundishwa sababu ni mapinduzi ya viwanda. Ni uongo?

Si uongo, ila ni nusu. Kwa 1833 hoja ina nguvu, sukari ya Karibiani ilikuwa imeshuka bei na matajiri wake wamepungukiwa ubavu. Kwa 1807 inapwaya, biashara ilikuwa bado inalipa, na kuanguka kwa Saint-Domingue kuliwapa wapandaji wa Kiingereza soko zaidi. Wanahistoria bado wanabishana. Mimi ninachokataa ni jibu la mtihani lenye mashine na mabepari tu, halafu Haiti na Jamaika hazimo hata kwa mstari mmoja.

Sheria ya 1833 ilifika kwetu?

Pwani haikufika, Unguja ilikuwa ya Sultani. Ilifika Morisi, koloni la Mwingereza ambako watumwa wengi walitokea Bukini yaani Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii, kule uanagenzi ukaisha 1839.

Huku kwetu Mwingereza alirudia hatua zilezile: meli kwanza, utumwa baadaye. Mikataba ya 1822 na 1845 ilibana usafirishaji, 1873 Sultani Barghash akafunga soko la watumwa la Mkunazini kwa shinikizo la manowari, na utumwa wenyewe ukaguswa 1897, Unguja na Pemba zikiwa tayari chini ya ulinzi wa Mwingereza. Pwani ya Kenya ikangoja mpaka 1907, Tanganyika 1922.

Fidia nayo ilikwenda kwa mabwana vilevile. Mtumwa wa Unguja hakuachiwa kwa tangazo, ilibidi aende mwenyewe mahakamani akaombe, na aonyeshe ana pa kukaa na pa kupata riziki, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje kabisa, wakasubiri mpaka 1909.